Godauni la futi mia kwa mia mbili: trela itageukia wapi?

*"Mhandisi, asalaam aleikum. Nina kiwanja cha futi 100 kwa 200 Miritini. Barabara iko kusini, na kiwanja kinapanda kwenda nyuma kama futi tatu hivi. Nataka godauni la mchele wa magunia. Fundi amenichorea jengo la futi 80 kwa 150, anasema trela itaingia kinyumenyume kutoka barabarani. Pesa za feni sina. Je, trela ya futi arobaini itaweza? Raki ziende juu kiasi gani? Na joto hili la kwetu nitalifanyaje?"*

Waaleikum salaam, dada yangu. Mchoro huo usiujenge. Ukitoa jengo la futi 150 na nafasi kidogo ya nyuma, mbele unabakiwa na mita kumi na mbili tu. Trela iliyobeba kontena la futi arobaini, pamoja na kichwa chake, ina urefu wa karibu mita kumi na saba. Kwa hiyo hata ikifika mlangoni, kichwa kitakuwa kimekaa barabarani muda wote wa kushusha, na kushusha magunia elfu moja kwa mikono ni kazi ya saa kadhaa. Majirani watavumilia siku ya kwanza. Siku ya tatu utaambiwa ushushie kwingine, na hapo utakodi malori madogo ya kuleta mzigo wako mwenyewe kutoka pembeni mwa barabara. Gharama hiyo haikomi.

Uwanja ndio unaoanza kuchorwa, jengo linafuata. Kipimo ninachokitumia ni rahisi kukumbuka: kutoka uso wa jukwaa la kupakulia hadi ukuta wa mbele, weka karibu mara mbili ya urefu wa gari refu litakalokuja. Kwa trela yako ni mita 32 hadi 34. Kiwanja chako kina mita 61 kwenda ndani. Chukua 32 za uwanja, acha tatu nyuma, nawe una mita 26 za jengo. Najua inauma kuona nusu ya ardhi uliyoilipia ikibaki wazi, lakini hiyo nusu ndiyo inayoifanya nusu nyingine iwe godauni.

Sasa geti. Huku kwetu usukani uko kulia, na dereva anayerudi nyuma anaona vizuri kupitia dirisha lake la kulia. Upande wa kushoto anategemea kioo na utingo. Basi panga uwanja ili anapopita mbele ya jukwaa, jukwaa liwe kuliani kwake, aukate usukani kidogo kwenda kushoto, kisha mkia wa trela urudi kwa upande anaouona. Kwa kiwanja chako maana yake ni geti liwe kwenye pembe ya kulia unapotazama ndani kutoka barabarani, yaani pembe ya mashariki, na milango ya kupakulia iwe katikati ya jengo. Geti liwe na upana wa mita nane, la kuteleza pembeni, kwa sababu trela inapokunja kutoka barabarani magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani na kuparuza nguzo. Na kabla hujamwaga zege hata toroli moja, piga chokaa chini, weka mitungi mitupu mahali pa kuta, mwite dereva mwenye trela, mlipe nusu siku, aingie, ajipange, atoke. Nimeona michoro mizuri ikisahihishwa na dereva mmoja ndani ya dakika ishirini.

Sakafu ya uwanja pia ina neno lake. Kabro zinapendeza, lakini trela yenye ekseli tatu nyuma ikizungushwa mahali pamoja, matairi yanaburura kwa ubavu na kuzing'oa. Sehemu ya kugeukia iwe zege lenye nondo. Kabro weka palipobaki.

Jukwaa la kupakulia ndilo linaloamua kimo cha sakafu nzima ya ndani, na hapo ndipo kupanda kwa kiwanja chako kunakufaa. Chukua futi kamba uende mahali malori yanaposimama, upime kimo cha sitaha cha magari kumi yanayofanana na yatakayokuja kwako, yenye mzigo na matupu, maana springi hushuka na kupanda sentimita kadhaa. Sitaha ya trela mara nyingi utaikuta kati ya mita 1.3 na 1.5, na ya Canter utaikuta chini ya mita moja. Ningeweka jukwaa mita 1.3. Pengo linalobaki baina ya jukwaa na trela hufunikwa kwa bamba nene la chuma lenye mikunjo ya kuzuia kuteleza, na kadiri bamba linavyokuwa refu ndivyo mteremko unavyokuwa mpole kwa wanaosukuma toroli ya paleti. Kwa wateja watakaokuja na Canter, usijenge jukwaa la pili la chini. Inua ardhi ya uwanja mbele ya mlango mmoja kwa sentimita 35 au 40, ili gari dogo lipande lenyewe hadi lilingane na sakafu.

Wapo watakaokushauri uache sakafu ya godauni sawa na ardhi, kisha uchimbe shimo la mteremko ambamo trela inashuka mpaka sitaha ilingane na mlango. Kifusi kidogo, ndiyo. Lakini masika ya Aprili na Mei hulijaza shimo hilo maji, na pampu isipowaka siku moja tu, kazi imesimama. Tena trela iliyosimama kwenye mteremko inaegemea ukuta: kwenye mteremko wa sentimita nane kwa kila mita, sehemu ya juu ya kontena husogea ukutani zaidi ya sentimita ishirini kuliko sehemu ya chini, na hapo huvunja lintoli. Wewe kiwanja kinapanda. Ardhi iliyo chini ya jengo tayari iko juu ya barabara. Mpe uwanja mteremko mdogo wa kurudisha maji barabarani, nawe utahitaji kujaza kama mita 1.1 upande wa mbele na mita 0.7 upande wa nyuma. Jirani yako mwenye kiwanja tambarare angejaza mita 1.3 zote.

Hicho kifusi ndicho ninachotaka ukiogope kuliko kitu kingine chochote kwenye jengo hili. Nilipata kusimamia godauni moja Changamwe, mdogo wangu wa kazi akiwa msimamizi wa kila siku, nami nikienda mara moja kwa wiki. Kifusi kilimwagwa kwa pamoja, kikasawazishwa juu, kikapitishwa rola mara chache, slabu ikamwagwa. Ilikuwa safi kama meza. Miezi minane baada ya raki kupakiwa, mwenye godauni alinipigia akisema paleti zinagongana juu ingawa chini zina nafasi. Nilikwenda na timazi. Kifusi kilikuwa kimekaa, slabu imebonyea chini ya miguu ya raki, na raki mbili zilikuwa zinaegemeana. Tulishusha mzigo wote na kuvunja sehemu ya sakafu. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikubali kuona uso wa juu bila kuona tabaka za chini.

Basi wewe dai hivi. Kwanza udongo wa juu wenye mizizi utolewe wote. Huko Miritini hauko juu ya jiwe la matumbawe kama kisiwani. Mara nyingi chini kuna mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo mhandisi achimbe mashimo mawili matatu ya majaribio kabla ya kuamua uondolewe kwa kina gani. Kisha kifusi cha maramu au cha matumbawe kiwekwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowanishwe kiasi, ishindiliwe, na ipimwe ugumu kabla ya kuletwa nyingine. Ni tipa hamsini na zaidi za kifusi, kwa hiyo mkandarasi atatamani kuzimwaga kwa siku mbili. Usimruhusu. Vipimo vya kila tabaka viwe kwenye karatasi yenye sahihi, na malipo yafuate karatasi.

Ukishaelewa hilo, suala la kimo cha raki linakuwa jepesi, maana mguu wa raki ndio unaoikanyaga sakafu hiyo. Tuchukue mchele wako. Paleti ya mita 1.2 kwa mita 1 yenye magunia arobaini ya kilo 25 ina tani moja, na kimo chake pamoja na mbao ni karibu mita 1.4. Ongeza nafasi ya mkono juu yake na unene wa boriti ya raki, kila ghorofa inakula mita 1.65. Kwa hiyo boriti ya kwanza iko mita 1.65, ya pili mita 3.3, ya tatu karibu mita 5.

Wengi hukwama hapa kwa sababu wananunua raki kabla ya kuuliza foklifti. Foklifti nyingi za mtumba zinazouzwa kwa bei nafuu zina mlingoti wa kuinua mita tatu tu. Ile boriti ya mita 3.3 haifiki, na ili kuweka paleti inabidi uma upande sentimita ishirini zaidi juu ya boriti. Kwa foklifti ya namna hiyo una paleti ya chini na moja juu yake, basi. Tafuta yenye mlingoti wa mita nne na zaidi, na usome bati lake la uwezo: mashine iliyoandikwa tani mbili na nusu hainyanyui tani mbili na nusu hadi juu kabisa, uwezo unapungua mlingoti unavyopanda.

Ushauri wangu ni sakafu na boriti mbili, jumla paleti tatu kwenda juu. Juu ya mzigo wa mwisho itakuwa mita 4.7. Acha mita moja nzima kati ya hapo na chuma cha paa, kuta ziwe na kimo cha mita 6.5 kutoka sakafu ya ndani, kwa kuwa fremu ya chuma hunenepa pale inapokutana na nguzo na hula nafasi karibu na kuta. Ghorofa ya nne ingewezekana, lakini ingetaka jengo refu zaidi, foklifti ya bei nyingine, na slabu nzito zaidi. Angalia mzigo: kwa boriti mbili, kila mguu wa raki unabeba kama tani mbili, na raki zikikaa mgongo kwa mgongo, miguu miwili iko karibu karibu, tani nne juu ya eneo dogo kama daftari mbili. Kwa boriti tatu zinakuwa sita. Sakafu yako imekaa juu ya kifusi kipya, mimi nisingeijaribu hivyo. Mpe mhandisi wa slabu namba hizo za mguu mmoja mmoja, usimwambie tu "ni ya kuweka mchele".

Raki zikishapakiwa, mwezi wa kwanza pitisha timazi kila wiki. Mguu wa mita nne ukiwa umeinama zaidi ya sentimita mbili, shusha mzigo wa sehemu hiyo siku hiyo hiyo kisha utafute sababu. Dalili nyingine ni nyufa za slabu zinazofuata mstari wa miguu. Nyufa za kukauka kwa zege hazina mpangilio huo.

Upana wa jengo nao usiuchague kwa kuangalia ukuta wa jirani. Foklifti ya kawaida inataka njia ya mita 3.8 ili igeuke na paleti. Safu moja ya raki kila ukuta, jozi mbili za safu za mgongo kwa mgongo katikati, njia tatu, na nusu mita ya kupita mtu nyuma ya raki za ukutani: jumla ni mita 20 kasoro kidogo. Ukijenga mita 24 kama fundi alivyotaka, zile nne za ziada hazitoshi safu nyingine na njia yake. Utakuwa umeezeka hewa. Jenga mita 20 kwa 26, fremu moja inayovuka upana wote bila nguzo katikati. Acha mita sita na nusu tupu nyuma ya milango, kwa sababu mchele wako unakuja magunia yamelazwa ndani ya kontena bila paleti, na makuli wanahitaji mahali pa kuupanga. Zinabaki raki za urefu wa karibu mita 17, sehemu saba kila safu, paleti mbili ubavu kwa ubavu kila sehemu, na ukihesabu zote unapata paleti 252. Hizo ni tani 252, yaani makontena kumi ya tani 25. Upande wa mashariki na wa magharibi unabakiwa na mita tano wazi kila mmoja, na hapo gari la zimamoto linapita.

Tuje kwenye upepo. Wazee wetu walijenga nyumba kwa kujua Kusi na Kaskazi, nawe una bahati kwamba barabara yako iko kusini. Kusi inatoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Raki zilizojaa magunia ni ukuta. Ukizipanga mashariki kwa magharibi, upepo wote wa chini unagonga gunia la kwanza na kufa hapo. Zipange kusini kwa kaskazini, njia tatu za foklifti ziwe ndizo mifereji ya hewa. Kwenye ukuta wa kaskazini, mwisho wa kila njia, weka luva kuanzia kama sentimita 30 juu ya sakafu, pana karibu upana wote wa njia na kimo cha mita mbili. Upande wa kusini, nyuma ya kila shata funga geti la wavu, ili mchana shata ziwe juu na wavu umefungwa. Majira yakigeuka, upepo unageuza njia tu, matundu yanabaki yale yale.

Lakini usihesabu upepo. Hesabu siku za maleleji, Kusi imekwisha na Kaskazi haijaingia, jani halitikisiki. Siku hizo kinachofanya kazi ni joto lenyewe: hewa ya moto inapanda, ikipata tundu juu inatoka, na nyingine inaingia chini. Kwa jengo lako, hewa ya ndani ikiwa na nyuzi tano zaidi ya ya nje, ili hewa yote ibadilike mara tano kwa saa unahitaji karibu mita tisa za mraba za uwazi halisi chini, na kiasi hicho hicho juu. Juu ni mgongo wa paa: pengo la sentimita 40 kwa urefu wote, lenye kofia pana ya bati juu yake isiyoingiza mvua. Chini ni zile luva. Kumbuka luva na wavu hula karibu nusu ya tundu, ndiyo maana nikataka kimo cha mita mbili. Wavu uwe wa matundu madogo kuliko sentimita moja, wa chuma, kwa sababu panya wa bandarini hawaheshimu wa plastiki. Jaribio ni rahisi: washa udi saa nane mchana mbele ya luva siku isiyo na upepo. Moshi ukiingia ndani na kupanda, jengo linapumua. Ukisimama au ukirudi nje, tundu la juu ni dogo.

Ile mita moja niliyokuambia uiache juu ya mzigo ndiyo inayobeba hewa ya moto kuelekea mgongo wa paa. Ukiijaza magunia, joto linakaa kwenye paleti za juu.

Upepo una mpaka wake, na kwa mchele lazima uujue. Hauwezi kuipoza hewa ya ndani kuliko ya nje, wala hauwezi kuikausha. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hasa usiku na alfajiri, na bati likipoa chini ya anga isiyo na mawingu, mvuke hugeuka matone na kudondokea magunia ya juu. Wenye magodauni hudhani paa linavuja. Ukiona magunia ya juu yana madoa ya duara asubuhi na hakukuwa na mvua, ni hayo. Dawa yake ni kizuia joto chenye karatasi ya fedha chini ya bati, kiwekwe wakati wa kuezeka, kwani baadaye ni kazi ya kupanda juu ya raki. Kinapunguza na jua la mchana pia. Luva ziwe na uwezo wa kufungwa usiku. Mchele ukifika na unyevu wa zaidi ya asilimia 14, hakuna luva itakayouokoa. Nunua kipima unyevu cha mkononi na upime kila kontena kabla makuli hawajagusa gunia. Magunia yasiguse sakafu wala ukuta.

Mwisho, juu ya jukwaa weka kibanda cha paa kinachotoka mita nne hadi tano nje, chenye kimo cha kutosha kontena refu kupita chini yake. Mvua za masika zinakuja na Kusi, na Kusi inapiga uso wa milango yako moja kwa moja. Maji ya kibanda yaelekezwe pembeni kwa mfereji, yasimwagike mbele ya magurudumu.

Mpelekee fundi barua hii, kisha umtafute mhandisi aliyesajiliwa achore fremu na slabu ili mchoro upitishwe na kaunti. Kabla hajaanza, mpatie vile vipimo vya sitaha za magari kumi na karatasi ya uwezo wa foklifti unayokusudia kununua.